Simu ya Mama Kule Ndau: Herufi Kubwa, Namba za Dharura na Salio Lisiloumiza

Simu mpya ya mzazi mara nyingi hununuliwa mjini, ikatiwa laini, ikafungwa kwenye mfuko na kupelekwa na mtu anayesafiri. Ikifika, mzazi anafundishwa mambo mawili: kijani ni kupokea, nyekundu ni kukata. Mengine atajionea mwenyewe. Miezi miwili baadaye tunapokea simu ya mtoto wake: pesa zimetumwa kwa mtu asiyejulikana, au mama aliugua usiku akashindwa kupata namba ya mtu yeyote.

Makala hii ni ya mtoto huyo. Tutachukua mfano mmoja na kuufuata hadi mwisho. Mama ana miaka sabini na kitu na anakaa Ndau, kisiwa kidogo cha Lamu Mashariki kilicho kati ya Pate na Kiwayu. Binti yake yuko Mombasa na humtumia shilingi 6,000 kila mwezi. Mama anasoma, ila macho yamepungua. Laini ni ya Safaricom na pesa ni za M-PESA, kama ilivyo kwa wengi wa pwani. Simu ni kabambe ya vitufe, ile tunayoiita mulika mwizi kwa sababu ya tochi yake.

Katika kila hatua tutajiuliza swali moja: mama akikosea hapa, atapoteza kiasi gani? Hatuwezi kuizuia kila kosa, lakini tunaweza kuipanga simu ili kosa moja lisimmalize.

Kabla ya kununua: piga *144# ukiwa dukani

Muuzaji atakuonyesha simu yenye saa kubwa kwenye kioo na vitufe vipana. Usimalize hapo. Kwenye kabambe nyingi, ukikuza herufi kwenye mipangilio, zinazokua ni za majina na za ujumbe tu. Menyu ya M-PESA na majibu ya mtandao hubaki na herufi zilezile ndogo. Mama ataliona jina lako vizuri unapopiga, lakini atashindwa kusoma kiasi cha pesa anachotaka kutuma, na hapo ndipo hasara ilipo.

Kwa hiyo fanya majaribio mawili ukiwa bado kaunta. Tia laini yako kwenye simu hiyo. Kwanza piga *144#, namba ya kuangalia salio la maongezi, uone jibu linatokea kwa herufi za ukubwa gani. Pili, fungua ujumbe wowote mrefu. Shika simu mbali na uso kama mama anavyoishika, na kama uko naye mpe ajaribu yeye. Akisema, "Mwanangu, hawa ni sisimizi," rudisha hiyo ujaribu nyingine. Kioo kipana kidogo kitamsaidia kuliko kamera au redio.

Mipangilio ya herufi hutofautiana kutoka simu hadi simu. Nyingi huiweka ndani ya Settings, kisha Display, kisha Font size. Nyingine huificha kwenye mipangilio ya ujumbe. Weka kubwa kabisa. Kisha ongeza mwanga wa kioo na urefushe muda wa kioo kubaki wazi, kwa sababu msomaji wa pole pole hukasirishwa na kioo kinachozimika kabla hajamaliza sentensi. Badilisha pia lugha ya simu iwe Kiswahili kama ipo, na kwenye menyu ya M-PESA uingie akaunti yangu ubadilishe lugha huko pia. Hizi ni lugha mbili tofauti: kubadilisha ya simu hakubadilishi ya M-PESA.

Herufi kubwa zina kasoro moja ambayo watu hawaitarajii. Ujumbe uliotosha kwenye kioo kimoja sasa unajaza vioo vitatu au vinne. Jina la aliyeutuma liko juu kabisa, na mama akishuka chini kusoma kiasi cha pesa, jina hilo linapotea machoni. Matapeli hupendezwa na hali hii. Mfundishe mama kwamba kila ujumbe wa pesa huanza kusomwa juu: ametuma nani? Ujumbe wa kweli wa M-PESA hutoka kwa jina MPESA. Ukiwa umetoka kwa namba ya kawaida inayoanza na 07 au 01, hata kama maneno yanafanana herufi kwa herufi, hakuna pesa iliyoingia.

Namba za dharura: panga kwa anayefika kwanza

Mtoto akiandika namba za dharura kwenye simu ya mzazi, ya kwanza huwa yake mwenyewe, halafu 999 au 112. Mjini mpangilio huo unafaa. Ndau, fikiria mama ameanguka saa nane usiku wakati wa kusi na bahari imechafuka. Binti yuko Mombasa. Hata akipokea simu mara moja, la kwanza atakalofanya ni kumpigia jirani. Na gari la wagonjwa halivuki maji. Ili mama afike hospitali ya Faza kisiwani Pate, au ile ya King Fahd mjini Lamu, lazima kwanza apatikane mtu mwenye mashua, tena nahodha anayeweza kutoka usiku huo.

Ndiyo maana tunapanga namba kwa kuuliza nani atafika mlangoni kwanza. Kwa mama wetu wa mfano mpango ulikuwa hivi. Kitufe cha 2 ni jirani wa ukuta kwa ukuta. Kitufe cha 3 ni mpwa wake anayelala kijijini hapohapo. Kitufe cha 4 ni nahodha wa mashua, baada ya kukubaliana naye kwamba atapokea usiku, na kwamba mafuta yatalipwa na binti. Kitufe cha 5 ni mhudumu wa afya wa karibu. Kitufe cha 6 ni binti mwenyewe. Kitufe cha 1 tuliacha, kwa kuwa simu nyingi hukitumia kwa ujumbe wa sauti.

Kupiga kwa kushikilia kitufe kimoja hupangwa kwenye orodha ya majina, sehemu inayoandikwa Speed dial. Ukimaliza, mama anashikilia 2 kwa sekunde mbili tatu na simu inajipigia jirani. Hahitaji kutafuta jina. Kama macho hayaoni tarakimu, bandika kipande kidogo cha plasta juu ya kitufe cha 5 ili kidole kikijue, halafu ahesabu kutoka hapo. Simu nyingi zina kinundu kidogo kwenye 5 tayari, ila kidole cha mtu mzima hakikisikii vizuri.

Majina yaandikwe jinsi mama anavyowaita watu, si jinsi walivyoandikwa kwenye kitambulisho. Kama mpwa anaitwa "Kijana wa Dada", andika hivyo. Weka jina fupi, maana kwa herufi kubwa jina refu hukatwa katikati, na majina mawili yanayoanza sawa yataonekana kama mtu mmoja.

Halafu kuna suala la salio la maongezi. Dharura haingoji uweke salio. Kwenye laini ya Safaricom, ukitanguliza alama ya # mbele ya namba unayempigia, anaulizwa kama atakubali kulipia simu hiyo yeye. Basi hifadhi namba ya binti mara mbili. Ya kwanza ya kawaida kwenye kitufe cha 6. Ya pili iandike hivi na uiweke kwenye kitufe cha 9:

```
#07XXXXXXXX
```

Tuliita hiyo "BINTI BURE". Ijaribu palepale, kwa sababu si kila simu hupiga vizuri namba inayoanza na alama hiyo kwa njia ya mkato. Ikigoma, mfundishe mama kuituma ile ya "nipigie":

```
*130*07XXXXXXXX#
```

Mwisho kabisa, andika namba zote tano kwa kalamu nene kwenye karatasi, uitie kwenye plastiki na kuitundika karibu na mlango. Simu ikilowa au ikiisha moto, jirani atakayeingia atazikuta ukutani. Kwenye karatasi hiyo usiandike namba ya siri ya aina yoyote.

Kikomo cha laini: salio ndilo ukuta

Wengi hutuuliza: "Naweza kuweka kikomo, mama asitume zaidi ya elfu moja kwa siku?" Vikomo vya M-PESA vyenyewe ni vya juu mno kwa lengo hilo: shilingi 250,000 kwa muamala mmoja na 500,000 kwa siku. Havimlindi mtu mwenye shilingi 6,000. Kikomo cha kweli ni kile kilichomo kwenye simu. Tapeli mjanja kuliko wote hawezi kuchukua pesa ambazo hazipo.

Ila kuna mlango wa nyuma, nao ni Fuliza. Fuliza ikiwa wazi, salio likiisha laini bado inaweza kutuma na kulipa kwa mkopo. Tuone hesabu yake. Mama ana shilingi 1,500 kwenye simu, na Fuliza yake inamruhusu hadi 2,500. Anapigiwa na mtu mwenye sauti ya upole: "Shikamoo mama. Samahani, nimekutumia pesa ya hospitali kimakosa, elfu tatu na mia tano. Nirudishie mama yangu, mtoto yuko wodini." Ujumbe wa uongo umeshaingia. Mama ana huruma, anatuma. Salio lake linakwisha, na elfu mbili na kitu zilizobaki zinatoka Fuliza. Jumatatu binti anatuma 1,500 za wiki mpya, nazo zinamezwa na deni. Mama anaangalia simu na kuona sufuri. Anadhani mtoto hakutuma, na kwa aibu haulizi.

Fuliza ikiwa imefungwa, menyu ingekataa ile 3,500 kwa kuwa salio halitoshi. Na mama angeshtuka mwenyewe: kama zile pesa ziliingia kweli, mbona hazitoshi? Kukataliwa huko kungemfichulia uongo.

Basi kaa na mama, kwa ridhaa yake, upige *334#. Ingia sehemu ya mikopo na akiba, kisha Fuliza, utafute mahali pa kujiondoa. Mpangilio wa menyu hubadilika mara kwa mara, kwa hiyo soma unachokiona badala ya kukariri namba. Kama kuna deni, lazima lilipwe kwanza. Ukikwama, piga 100 kwa huduma kwa wateja. Vilevile mwambie aache kuchukua Okoa Jahazi, maana ukimtumia salio la maongezi baadaye, deni hulikata kwanza, na siku ya dharura atakuta halitoshi kwa simu moja.

Tuma kidogo kidogo, na ujue bei yake

Kama salio ndilo ukuta, 6,000 zisiingie kwa mkupuo. Kugawa kuna gharama, na ni vizuri kuijua kabla ya kuamua. Kwa viwango vya 2023, kutuma 6,000 mara moja ni shilingi 78, na mama akizitoa zote kwa wakala ni 87. Jumla 165. Ukituma 1,500 kila wiki, kila safari ni 23 za kutuma na 29 za kutoa, yaani 52. Mara nne ni 208. Tofauti ni shilingi 43 kwa mwezi. Kwa 43 hizo, kosa moja kubwa kabisa la mama linashuka kutoka 6,000 hadi 1,500. Sisi tunaona ni bei nzuri. Viwango hubadilika, kwa hiyo rudia hesabu hii kwa viwango vya siku unayosoma.

Kuna njia ya tatu inayofaa kisiwani. Sehemu kubwa ya pesa ya mama huishia dukani kwa unga, mchele, sukari na mafuta. Kama mwenye duka anapokea malipo ya simu, mlipe moja kwa moja kutoka Mombasa, na mama achukue bidhaa akisaini kwenye daftari. Binti wa mfano wetu alifanya hivyo kwa 3,500, akabaki kutuma 2,500 tu, kwa mafungu mawili. Lakini muulize mama kwanza. Wako wazazi wanaoliona jambo hili kama kunyang'anywa mkono wa kutoa. Mama anayezoea kumpa mjukuu shilingi hamsini, au kumtunza jirani aliyefiwa, anahitaji pesa yake mkononi, na mpango usiomwachia hiyo atauvunja kwa njia nyingine usiyoijua.

Kufuli ipi ifungwe, ipi iachwe

Namba ya siri ya M-PESA iwe ya mama peke yake. Asiichague kutokana na mwaka wa kuzaliwa ulio kwenye kitambulisho, kwa kuwa kitambulisho hicho ndicho anachomwonyesha wakala. Tatizo kubwa hutokea kaunta: mama hawezi kuona vitufe, anamwambia wakala au kijana aliye nyuma yake, "Niandikie wewe." Ukimfundisha jambo moja tu la pesa, liwe hili: tarakimu nne anazibonyeza yeye. Mengine yote anaweza kusaidiwa. Mwambie afanye mazoezi nyumbani kwa kupiga *334# na kuangalia salio lake kila siku kwa wiki moja. Vidole vikishazoea, havihitaji macho.

Namba ya siri ya kadi yenyewe, ile inayoulizwa simu inapowashwa, ni habari nyingine. Inazuia mwizi asiihamishie laini kwenye simu yake. Lakini kama mama anachaji kwa sola na simu huzimika mara kwa mara, ataulizwa namba hiyo kila inapowaka. Akikosea mara tatu, laini hujifunga na kudai namba ya PUK. PUK nayo ikikosewa mara kumi, kadi imekufa. Ukiiweka, hifadhi PUK kwako Mombasa. Kama mama husahau, tunashauri uiache, kwa sababu simu iliyojifunga usiku wa dharura ni mbaya kuliko hasara ya shilingi 1,500.

Kufuli la tatu ni *100*100#. Ukilipiga, kadi ya mama haiwezi kubadilishwa kwa wakala yeyote. Lazima aende mwenyewe kwenye duka la Safaricom na kitambulisho halisi. Ni kinga nzuri dhidi ya wezi wa laini, lakini simu ikianguka baharini mama atahitaji safari ya mashua na pengine basi. Kanuni yetu ni hii: kama laini inapokea pesa nyingi, mfano malipo ya wazee au kodi ya nyumba, lifunge. Kama inapokea 1,500 za wiki na Fuliza imefungwa, unaweza kuliacha.

Lolote utakaloamua, laini isajiliwe kwa kitambulisho cha mama. Watoto wengi husajili kwa jina lao ili kuharakisha mambo, halafu kadi ikipotea mama hana la kufanya mpaka mtoto arudi. Piga *106# kwenye laini hiyo uone imesajiliwa kwa nani, na kama kuna laini nyingine ngeni kwa jina hilohilo.

Jaribio la mwisho, simu ikiwa mkononi mwa mama

Usiondoke kisiwani kabla ya mazoezi haya matatu. Kwanza, mwambie mama ashikilie kitufe cha 2 taa zikiwa zimezimwa. Jirani akipokea, umefaulu. Pili, mtumie shilingi 50, halafu kutoka namba nyingine mtumie ujumbe unaofanana na wa M-PESA. Muulize upi ni wa kweli na amejuaje. Jibu unalotaka ni mawili: "Nimeangalia juu nani katuma, na nimeangalia salio." Tatu, hifadhi namba 0722 000 000 kwa jina la SAFARICOM, kwa sababu ndiyo namba wanayopigia wateja. Anayejiita Safaricom na jina hilo halijatokea kwenye kioo, mama anakata bila kuomba radhi, na ujumbe wa kitapeli unapelekwa kwa 333.

Na siku akikosea, maana iko siku atakosea, mpango uwe umeshajulikana: asimpigie aliyempokea pesa, apeleke ujumbe wa muamala huo kwa 456 palepale kuomba urejeshwe, kisha ashikilie kitufe cha binti. Binti naye asianze na "Kwa nini ulituma?" Mama aliyegombezwa mara moja atakuficha la pili, na hilo la pili ndilo ulilotakiwa kulijua mapema.